Lebo mpya za barua pepe za wateja, na nani anajibu ipi

Wenzangu,

Kuanzia Jumatatu, kila barua pepe ya mteja inayoingia kwenye sanduku letu la pamoja itapewa lebo moja kabla ya kujibiwa. Sababu mnaijua, lakini naiandika kwa sababu imeniuma.

Wiki iliyopita mteja wetu wa mitumba kule Kongowea alituandikia asubuhi: "Meli ishateremsha, mwangoja nini? Na ile ankara mbona imezidi?" Mmoja wetu akaifungua, akaona habari ya ankara, akawaachia watu wa uhasibu. Ikishafunguliwa haina tena herufi nzito, basi sote tuliobaki tukadhani imejibiwa. Siku za bure bandarini zikaisha kontena likiwa palepale, ada ya kuhifadhi ikaanza kuhesabiwa. Tumeilipa sisi, na ni haki yake.

Lebo ni nne. 1-BANDARI ni ya mzigo ulioshuka au meli inayokaribia Kilindini, na hujibu dawati la bandari. 2-HATI ni ya dawati la hati, 3-MALIPO ni ya uhasibu. 4-LALAMIKO nitajibu mimi mwenyewe. Msiondoe nambari za mbele: Gmail hupanga lebo kwa alfabeti, na nambari ndizo zinazoziweka kwa mpangilio huu.

Dada wa mapokezi ndiye atakayeweka lebo, saa mbili asubuhi, saa sita na saa tisa. Yeye anagawa tu, hajibu.

Barua ikiwa na mambo mawili, lebo inafuata lile ambalo kuchelewa kwake kunaongeza gharama. Ile ya Kongowea ingekuwa 1-BANDARI, ijapokuwa nusu yake ni ankara. Dawati la bandari lingewauliza uhasibu kwa simu ya ndani, kisha mteja angepata jibu moja lenye yote mawili. Asipokee majibu mawili yenye hesabu mbili tofauti. Hilo nalo limewahi kututokea.

Pana jambo moja la kuangalia sana. Wateja wengi hawaanzi barua mpya. Hutafuta ya mzigo uliopita, wakabofya kujibu, wakauliza habari za kontena jipya. Gmail huiunganisha na mazungumzo ya zamani, na lebo ya zamani, kama haijaondolewa, inabaki ikionekana. Kwa hivyo, kabla ya kuiamini lebo, soma nambari ya kontena au ya BL ndani ya ujumbe wa mwisho. Ikiwa si ile ya mwanzo, mwambie mapokezi aibadilishe.

Lebo huondolewa na aliyejibu, baada ya kutuma jibu, si baada ya kusoma. Saa kumi na nusu jioni nitafungua 1-BANDARI. Itakayobaki humo nitampigia mteja wake simu kabla sijatoka ofisini. Vijana wa dawati la bandari mkienda geti wote kwa pamoja, mwacheni mmoja, au mniambie nikae mimi.