Niwaandikie nini mafundi wangu, wiki mbili kabla ya Maulidi?

Mhariri, salamu nyingi kutoka Lamu. Naomba nafasi katika ukurasa wako, kwa kuwa nina ujumbe wa kuwapelekea watu wangu na kila nikiuandika naufuta.

Mimi ni msimamizi wa kazi ya kukarabati nyumba ya zamani hapa Mkomani. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe, dari zake boriti za mikoko, na kuta nene kama zilivyo nyingi za mji huu ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nina mafundi wa chokaa watatu, vibarua watano na mwenye punda anayetuletea mchanga na maji. Mwenye nyumba anaishi Mombasa. Anataka nyumba iwe tayari kabla ya Maulidi, kwa sababu wageni wake watafikia hapo.

Watu wangu wamechoka, na sisemi hivyo kwa kuwaonea huruma tu. Naiona kwenye ukuta. Chokaa haikaziki kama saruji. Hukazika polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na wakati huo wote inataka unyevunyevu. Kabla ya kupiga lipu lazima jiwe liroweshwe mpaka liache kunywa maji. Lipu ikishapigwa, hufunikwa kwa magunia mabichi, hasa miezi hii ya kusi ambapo upepo unaingia dirishani mchana kutwa. Wiki iliyopita, baada ya alasiri, kijana mmoja aliyekuwa akipandisha madumu ya maji tangu asubuhi alirowesha nusu ya ukuta, ile nusu ya juu akaipitia juujuu. Fundi naye, ambaye siku nyingine huubandika mkono ukutani kwanza, hakuubandika. Asubuhi yake tukakuta nyufa nyembamba zimetambaa upande wote wa juu. Nilipogonga kwa kifundo cha kidole pakalia mvungu, maana yake lipu haikushika jiwe. Tukaibandua yote, tukafagia, tukarowesha, tukaanza upya. Saa mbili walizoongeza jioni ile zilikula kazi ya siku mbili.

Sasa mwenye nyumba amenitumia maneno anayotaka niyaweke kwenye kundi letu la WhatsApp kwa jina langu. Anasema niwaambie tumebakisha kidogo tu, kila mtu ajitolee, tufanye kazi mpaka usiku kwa taa, na asiyeweza aseme mapema atafutwe mwingine. Pia anauliza kwa nini tusichanganye saruji kidogo ili ikauke upesi. Hilo la saruji nimelikataa waziwazi. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na huufungia ndani unyevu na chumvi, na baada ya misimu michache hubanduka na uso wa jiwe. Lakini maneno yake mengine bado sijayajibu.

Neno "kidogo tu" ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu mafundi wanaweza kuhesabu. Chini, ukumbi wa msana na chumba cha ndani vimeshapata mkono wa pili wa lipu, na zidaka zote za ndani, vile vishubaka vya ukutani, zimerudishiwa nakshi. Hapo unatakiwa mkono wa mwisho mwembamba, kisha chokaa ya kupaka. Juu kuna vyumba viwili. Cha upande wa mtaa kina mkono wa kwanza ulioshika vizuri: ukikandamiza ukucha unaacha alama lakini hauzami. Cha upande wa bahari bado ni mawe matupu. Kila mkono tunauacha karibu wiki moja kabla ya kupiga mwingine. Basi chumba cha mtaa kinaweza kumalizika katika wiki mbili tukianza sasa, lakini cha bahari hakiwezi, hata nikileta mafundi kumi na taa za uwanja wa mpira.

Kwa hiyo mimi nimeandika hivi:

"Assalaam aleikum jamaa zangu. Poleni na kazi. Najua mmechoka, na kazi ya kubandua ule ukuta iliwachosha zaidi. Kilichobaki ni mkono wa mwisho wa msana na ndani, na chumba cha juu cha upande wa mtaa. Chumba cha upande wa bahari hatukigusi mpaka baada ya Maulidi. Kuanzia Jumamosi tunaanza saa 12 asubuhi, tunateremka jukwaani saa 5, tunarudi saa 9 mpaka saa 11 na nusu jioni. Kazi ya usiku hakuna. Ijumaa tunapumzika. Mtu akiuona ukuta umekauka kabla ya lipu, asimamishe kazi aitishe maji, hakuna atakayemkatia ujira wala kumnung'unikia. Anayepandisha maji asubuhi, mchana atapokewa na mwingine. Ujira ni Alhamisi kama kawaida. Bahashishi sijaahidiwa, kwa hivyo nami siwaahidi. Zile zidaka mlizozirudisha, wazee waliopita kuziangalia wameuliza ni mafundi gani."

Nimemsomea fundi mkuu, mzee aliyenizidi umri na ujuzi. Ameniambia niondoe mstari wa bahashishi, kwani mtu asiyeifikiria ataanza kuifikiria. Mimi naona tayari wanaifikiria. Vijana wameshaniuliza pembeni, na nikinyamaza watajua nimenyamaza kwa sababu gani. Dada yangu, anayesimamia wapishi kwenye shughuli za harusi, ameniambia nianze na zidaka, nisizitie mwisho, kwa kuwa mtu aliyechoka husoma mistari miwili akaiweka simu. Hilo nimelikubali, nitalibadilisha.

Lililonishinda ni mwenye nyumba. Hajaridhia chumba cha bahari kiachwe, na yumo kwenye kundi hilohilo. Nikiutuma kabla ya kuzungumza naye, ataona nimemzunguka mbele ya watu anaowalipa. Nikizungumza naye kwanza, nahofia atafanya alivyofanya mwezi uliopita: aliwapigia simu vibarua mmoja mmoja, akawaahidi mambo nisiyoyajua, na kesho yake kila mmoja alikuja na ratiba yake. Wakipokea maneno mawili yanayopingana katika wiki hizi, watamfuata mwenye pesa, wapande jukwaani usiku, na mimi nitabandua ukuta mwingine.

Nimefikiria kumpelekea picha ya ule ukuta uliopasuka pamoja na hesabu ya mikono na wiki, nimwambie achague: vyumba vyote isipokuwa kimoja vimalizike vizuri, au vyote viwe vibichi wageni wakiingia, chokaa ikiwachafua kanzu kila wakiegemea. Pengine chumba hicho kifungwe mlango, kiwekwe magunia na ngazi, na hakuna mgeni atakayeuliza. Lakini siku zinakwenda, na watu wangu wanangoja kusikia Jumamosi wafike saa ngapi.

Ndugu wasomaji, hasa mliowahi kusimamia mafundi, mashua au shamba wakati wa mavuno: ningoje ridhaa yake kisha niutume ujumbe mzima, au niwape watu saa za kazi na mapumziko sasa, habari ya chumba niiache kwanza? Na kwenu, kusema wazi kwamba bahashishi haijaahidiwa ni kuwavunja moyo, au ni kuwaheshimu?

Msimamizi wa ujenzi,
Lamu