MALALAMIKO: Mmemtoa mtoa mada wetu mkamwacha mvamizi

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima lakini nina hasira na sitaficha.

Tuliwalipa webina, mkatuwekea mitingi ya kawaida. Tofauti mnaijua: kwenye webina msikilizaji hana maiki wala kamera, hawezi kushea skrini, akitaka kuongea ananyoosha mkono mpaka hosti amruhusu. Kwenye hii yenu kila aliyeingia alikuwa na vyote.

Mtoa mada wetu, mama mtu mzima, yuko katikati ya slaidi, mara picha chafu zikajaa skrini nzima na sauti inamtukana kwa jina lake. Mimi natafuta pa kuwanyamazisha sina, maana hata ukohosti hamkunipa. Fundi wenu akabonyeza Mute All ila ile Allow participants to unmute themselves akaiacha na tiki, wale jamaa wakajiwashia maiki palepale. Halafu akamtoa mama. Mvamizi akabaki!

Na niliwaomba mapema kabisa muweke usajili ili kila mtu apate linki yake mwenyewe, mkasema usajili unasumbua watu, mkatoa linki moja yenye paswedi humo humo, ikazunguka kwenye magrupu mpaka ikawafikia hao. Q&A nayo hamkuiweka, maswali ya watu yakaenda kwenye chati yakazama katikati ya matusi, wakati paneli ya maswali ingemwezesha msimamizi kuyasoma kwanza kabla wengine hawajayaona.

Narudia la mama kwa sababu ndilo linaloniuma. Mliacha watu wajibadilishie majina, mvamizi akajiita jina la mama, fundi akaona majina mawili yanafanana akabonyeza Remove bila kuangalia nani anashea skrini. Na aliyetolewa harudi, labda iwe mmeruhusu kwenye setingi, nanyi hamkuruhusu. Kwa hiyo mama anabonyeza linki anakataliwa, akanipigia analia, "mwanangu, nimekosa nini mpaka mnanifukuza?" Namwambia fundi wenu, ananijibu "tulia dada, ni mtandao tu unasumbua." Mtandao gani jamani? Angebonyeza Suspend Participant Activities, maiki, kamera na kushea skrini vyote vingezimwa kwa mara moja, kisha angemrudishia mama maiki yake taratibu.

Nilikaa kuandika nikitaka mrudishe nusu ya hela. Sasa nataka yote. Nataka pia mumwombe mama radhi kwa maandishi, mkitaja kwamba kosa ni lenu, na rekodi yenye zile picha ifutwe popote mlipoihifadhi kisha mnithibitishie. Webina irudiwe bure, iwe webina kweli, na hosti niwe mimi.

Nawapa siku 7. Zikipita kimya, barua inayofuata itatoka kwa wakili, na wote waliosajiliwa kwa shughuli zetu zijazo nitawaeleza kwa nini hatufanyi kazi na nyie tena.

Mratibu wa mafunzo