Simu ya kwanza ya mama: kabla ya kuuliza kamera, uliza itaapdetiwa mpaka lini na kioo kinapatikana wapi

Hela za korosho zikishaingia tu, hapa dukani simu hazikatiki. Kijana yuko Dar au Dodoma anapiga, anasema bosi nataka nimchukulie bi mkubwa simu ya tachi aachane na kile kitochi, tuwe tunaonana WhatsApp, niambie kampuni gani nzuri. Mimi kabla sijamjibu namuuliza kwanza mama anakaa wapi na akiangusha simu ataipeleka kwa nani, wengi hawajawahi kuliwaza hilo.

Tuanze na apdeti maana ndiyo watu wanaipita. Kampuni ikitoa simu inaahidi vitu viwili tofauti. Kuna toleo jipya la Android, hilo ndilo linabadilisha sura ya simu, na kuna viraka vya usalama, vinaziba matundu ambayo wezi wanapitia, na sura inabaki ileile. Kwa kijana toleo jipya ni raha, ila kwa mama aliyehangaika wiki tatu kujua kitufe cha kijani kiko wapi, mi naona viraka ndio vya kuvifuatilia zaidi. Na simu ikiachwa muda mrefu ikazeeka, programu nazo zinaikimbia, mfano mzuri ni WhatsApp, kuanzia 1 Januari 2025 haifanyi kazi kwenye Android 4.4, toleo la mwaka 2013. Simu inawaka, inapiga, ila kile ulichomnunulia ndio hakipo, na ukimpa nyingine anaanza kujifunza upya.

Sasa jambo ambalo wateja wengi hawalijui, ile miaka haihesabiwi toka siku uliyonunua, inahesabiwa toka kampuni ilipoizindua simu sokoni. Chukua Samsung mbili ambazo kwa macho zinafanana. Galaxy A05 ilitoka mwishoni mwa 2023 ikaahidiwa viraka miaka 4, kwahiyo mwishoni mwa 2027 basi. Galaxy A16 imetoka mwishoni mwa 2024 na ahadi yake ni miaka 6, inafika 2030. Ukikuta A05 mpya kabisa ndani ya boksi na nailoni yake, bei imeshuka, ujue hujapunguziwa bei tu na miaka imepungua humohumo.

Juzi juzi kuna kijana wa Dodoma, mama yake ana miaka 67 anakaa Nanyamba, bajeti laki nne na nusu, alikuwa ameshapenda simu moja kamera kubwa hatari ila ahadi ya apdeti nimeitafuta sijaiona sehemu yoyote. Nikamwambia tuipime A16. Upande wa apdeti iko vizuri, tukahamia upande wa fundi. Nikapiga simu kwa mafundi wawili hapa mjini, na hata wewe fanya hivi kabla hujalipa, usiulize "unatengeneza simu hii?" maana kila fundi atakwambia ndio. Uliza kioo cha modeli hiyo unacho hapo au unaagiza, orijino au kopi, shilingi ngapi na mpaka ufungaji, halafu sistem chaji yake unayo? Hivyo viwili, kioo na sistem chaji, ndio vinaongoza kuharibika kwa wazee, simu inaanguka toka mapajani au chaji inachomekwa kwa nguvu gizani.

Majibu yalikuwa hivi, kioo cha A05 kipo dukani. Cha A16 kopi ipo, orijino mpaka Kariakoo, kinapanda basi. Na kuna sababu, A16 ina kioo cha AMOLED, kina rangi kali na juani unaona vizuri lakini ni ghali kuliko LCD ya A05, na ile kopi yake mara nyingi sio AMOLED, ni nene kidogo na mwanga hafifu, mama akitoka nje saa sita mchana anaona giza tu. Kusubiri Kariakoo nako siku barabara nzima ni usiku mmoja, ila Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ikakatika kule Somanga, mizigo ya kusini yote ilikwama na simu za watu zilikaa hapa kwenye droo wazi bila kioo.

Tulichukua A16 vilevile. Kioo unaweza kukinunua baadaye, miaka ya apdeti huwezi kuongeza. Tukaweka protekta na kava la mpira lenye kingo zilizozidi kioo ili ikianguka kifudifudi kioo kisiguse sakafu, na mama nikamsihi kitochi asigawe. Laini yake ilikuwa ya ukubwa wa zamani tukaikata, ile fremu ya plastiki nikamfungia kwenye karatasi, siku tachi iko kwa fundi laini inarudi kwenye kitochi na hela zake za simu anaendelea kutoa kama kawaida.

Lakini sio kila mtu namwambia Samsung. Kama bibi yuko Liwale ndani huko na fundi wa karibu amezoea Tecno, Infinix na itel, hizo vifaa vyake vimejaa kila kona na kampuni zote tatu zinahudumiwa na vituo vya matengenezo vya Carlcare. Ahadi ya apdeti ndio fupi, mfano Infinix Note 40 ya 2024 iliahidiwa matoleo mawili ya Android na viraka miezi 36. Miaka mitatu fundi akiwa hatua mbili, kwa mtu asiye na kijana wa kumpeleka mjini, naona ni bora kuliko miaka sita simu ikiwa kabatini inasubiri kioo.

Halafu ahadi ni ahadi tu kama apdeti haiingii. Yule mama wa Nanyamba karudi baada ya miezi mitano, nikafungua Settings, About phone, Software information, nikasoma Android security patch level, bado ni tarehe ileile aliyoondoka nayo dukani! Simu inasubiri Wi-Fi ndio ishushe apdeti, na kijijini Wi-Fi hana, halafu video za kikundi cha kwaya zimejaza memori nafasi hakuna. Tukafuta video aliyoikubali mwenyewe moja moja, tukaunga Wi-Fi ya duka, tukaingia Software update kisha Download and install. Ikimaliza usiondoke, rudi bonyeza tena, maana zilizolimbikizana zinakuja kwa foleni, yeye zilikuja mbili. Siku toleo kubwa la Android litakapofika tutalifanya akiwa amekaa pale pale kwenye benchi, tuwashe Easy mode ipo ndani ya Settings, Display, maandishi yawe makubwa, halafu ampigie mwanae mbele yangu kwa video ndio aende.

Kwahiyo mliochukua simu kwetu, mleteni mzee kila baada ya miezi mitatu, kuapdeti ni bure, aje na chaji iliyojaa na awe na muda kama saa nzima. Nyuma ya simu ndani ya kava tunaweka kikaratasi kina mwezi na mwaka viraka vinapoisha, na namba ya fundi mwenye kioo chake. Cha mama wa Nanyamba kimeandikwa 2030.