Kuhusu ile milioni mbili na laki nne

Nakuru

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote hapo Kisumu. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba malipo yako ya kustaafu yameshaingia. Uliniuliza kama shilingi 2,400,000 zitakutosha kwa miaka mingapi ukitoa 35,000 kila mwisho wa mwezi. Wewe umegawanya ukapata miezi 68, yaani miaka mitano na miezi minane. Hesabu hiyo ni ya pesa zilizofungiwa sandukuni. Zako zitakuwa zinazaa riba, kwa hiyo zitadumu zaidi, ingawa si kwa kiasi alichokutajia yule ajenti.

Tuanze na riba yenyewe. Umeahidiwa asilimia 10 kwa mwaka, lakini riba hiyo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla haijakufikia. Kinachobaki mkononi ni asilimia 8.5. Igawe kwa miezi 12, na mwezi wa kwanza 2,400,000 zako zitazaa 17,000. Ukitoa 35,000, ni 18,000 tu zitakazokuwa zimemegwa kutoka kwenye mtaji, na utabaki na 2,382,000. Mwezi wa pili kiasi hicho kitazaa 16,872, kwa hiyo mtaji utamegwa 18,128. Unaona mwendo wake: riba inapungua kidogo kidogo, na pengo linajazwa na mtaji. Mwanzoni pesa huisha polepole, mwishoni huporomoka. Baada ya miaka mitano kamili utakuwa bado na takriban 1,060,000, lakini hizo zitakwisha kwa chini ya miaka mitatu.

Ukiendelea hivyo hadi mwisho utafika miezi 94, yaani miaka saba na miezi kumi, na salio dogo juu yake. Ajenti alikuambia miezi 102 kwa sababu alitumia asilimia 10 nzima. Kodi peke yake imekula miezi minane. Kijana wako akiwa na kompyuta, mwambie aandike hivi kwenye Eksel:

```
=NPER(0.085/12,-35000,2400000)
```

Atapata 94.21. Alama ya kutoa mbele ya 35000 asiisahau, la sivyo jibu litakuja hasi.

Sasa abadilishe hicho kiasi cha kutoa, maana hapo ndipo penye uzito. Ukitoa 30,000 badala ya 35,000, pesa zitafika miezi 118, karibu miaka kumi. Elfu tano tu kwa mwezi zimekununulia miaka miwili. Ukitoa 25,000, utapita miaka 13. Na ukitoa 17,000 zile zile za riba, mtaji hautaguswa kamwe maadamu riba haijashuka.

Lile paa la nyumba ya nyumbani ndilo linalonipa wasiwasi. Ukichota 200,000 mwishoni mwa mwaka wa kwanza, utadhani umepoteza miezi isiyofika sita, kwa kuwa 200,000 ni chini ya 35,000 mara sita. La, utapoteza karibu miezi kumi, kwa sababu umeondoa pia riba ambayo pesa hizo zingezaa kwa miaka yote iliyobaki. Shilingi inayotoka mapema ni ghali kuliko inayotoka mwishoni. Paa likiweza kungoja, lingoje. Likiwa linavuja, lijengwe, ila upunguze kiasi cha kila mwezi.

Jambo jingine ni bei za sokoni. 35,000 za leo hazitanunua unga na omena zile zile miaka mitano ijayo pale Kibuye. Ukijiongezea asilimia 5 kila mwaka ili ulingane na bei, pesa zitaisha katika mwezi wa 79 badala ya 94. Ningekuwa wewe, ningeanza na 30,000 ili niwe na nafasi ya kupandisha baadaye. Riba nayo haikai mahali pamoja. Ikishuka hadi asilimia 8 kabla ya kodi, zile 35,000 zitafika miezi 87 tu, kwa hiyo rudia hesabu kila Januari kwa salio na riba ya wakati huo.

Taarifa ya kwanza ya akaunti ikifika, tafuta mstari wa riba. Unapaswa kuona kama 20,000 za riba na 3,000 za kodi, zikipishana kidogo kulingana na siku za mwezi. Ukikuta elfu kadhaa pungufu, basi ama riba si ile uliyoahidiwa ama kuna ada imekatwa. Usitoe chochote kabla ya kuwauliza, kisha uniandikie walichokujibu.

Wako,
Mwalimu wa Nakuru