Umri wa mtu na umri wa tusi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wenu barua ya msomaji aliyelalamika kwamba vijana wameharibika vinywa na kwamba watu wa zamani hawakuwa wakitukana. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu lawama yake imechanganya mambo mawili ambayo hayafanani: umri wa mtu na umri wa neno lenyewe.

Hivi karibuni mpwa wangu aliangusha simu mbele yangu, akatamka "manina!" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema "lo!". Mimi nilishtuka, naye akabaki kushangaa ninashtuka nini. Nilipomuuliza maana ya neno hilo, alinijibu kuwa halina maana, ni la kutolea hasira tu. Ninaamini alisema kweli. Hakujua kwamba "nina" ni neno la kale la mama, lile tunalolikuta katika mashairi ya zamani, wala hakujua kwamba mwanzoni mwa neno lake ilidondoshwa silabi moja, ambayo sitaiandika hapa, na kwamba silabi hiyo ikirudishwa mahali pake tusi zima kwa mama wa mtu linasimama wazi. Mimi nililisikia neno hilo likiwa zima, na nililijua hivyo tangu utotoni, wakati mtoto aliyelitamka alichapwa. Yeye alilipokea likiwa limekwisha kukatwa, kutoka kwa wenzake waliokuwa wakicheka. Neno lililofundishwa kwa fimbo na neno lililofundishwa kwa kicheko haliwezi kuwa na uzito uleule, hata kama herufi zake ni zilezile.

Hata hivyo, si kila tusi la vijana limepoa namna hiyo. Kuna njia rahisi ya kutambua, nayo ni kuangalia neno linasitishwa mbele ya nani. Mpwa wangu huyohuyo ana maneno mengine ambayo nimemsikia akiyatumia na wenzake barazani, lakini nikitokea tu, anayameza. Maneno hayo anayajua uzito wake vizuri, na anayatumia kwa sababu yanamtambulisha kuwa ni mmoja wao. Atakapokuwa na watoto wanaoiga kila analosema, au kazi inayomtaka aaminiwe na watu asiowajua, nadhani atayapunguza bila kuambiwa na mtu, kama sisi tulivyoyapunguza ya kwetu. Maana sisi nasi tulikuwa nayo, Ndugu Mhariri, na anayekana amesahau.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwanaisimu Robbie Love alilinganisha mazungumzo ya kawaida ya Waingereza yaliyorekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mengine yaliyorekodiwa miaka ya 2010, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2021 alionyesha kwamba matusi kwa jumla yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya robo, na kwamba tusi lililoongoza zamani lilikuwa limeporomoka na jingine kushika nafasi yake. Watu wa umri wa miaka ya ishirini ndio waliotukana zaidi, na kadiri umri ulivyopanda ndivyo matusi yalivyopungua. Sidai kwamba hesabu za Kiingereza zinatuhusu neno kwa neno, lakini zinatosha kutuonya kwamba anayesikia tusi jipya huweza kudhani matusi yameongezeka, kumbe yamebadilishana zamu tu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sisi wazee tunajihesabu kuwa wasafi kwa sababu tunakwepa maneno ya maungo na ya uzazi, ilhali tunayo yetu tusiyoyahesabu kuwa matusi. Tunamwita mtoto "mpumbavu" mbele ya wageni na kuendelea na mazungumzo. "Mshenzi" tunalitupa bila kufikiri, ingawa neno hilo lilitumika tangu zamani kumdunisha mtu wa bara aliyeonekana hajastaarabika. Mimi mwenyewe, jioni ileile niliyomkaripia mpwa wangu, nilimtaja mtu fulani kwa neno "zeruzeru", kama nilivyozoea tangu ujana wangu. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Mjomba, siku hizi tunasema mtu mwenye ualbino." Niliona usoni mwake mshtuko uleule ulionipata mimi alipoangusha simu, na sikuwa na la kujitetea, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimelipokea neno hilo kwa watu waliolisema bila kusita.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi