Picha ya makubaliano yenye wino uliosambaa: kwa nini tunakuuliza neno moja moja

Wateja wetu wengi wa nje ya mji hawaji na karatasi. Wanapiga picha ukurasa wa daftari, wanatuma WhatsApp, wanasema, "Nichapie hii, kesho napita kuchukua." Karatasi yenyewe imeshakunjwa mara nne, imekaa mfukoni, jasho limeingia na wino umesambaa kwenye mikunjo. Baadaye wanashangaa kuona tunarudi na maswali badala ya kazi iliyokamilika.

Mfano ni makubaliano ya kukodisha shamba la zabibu Hombolo, Dodoma, ambayo mteja ameturuhusu tuyaeleze bila majina. Ukurasa ulikuwa mmoja, mwandiko mzuri tu, lakini sehemu tatu hazikusomeka.

Ya kwanza ilikuwa neno moja: "…atalipa gharama za maji". Kabla ya "a" palikuwa na doa. Kama chini ya doa kuna "h", aliyekodi shamba hatalipa maji. Kama hakuna, atalipa. Herufi moja, na mzigo unahama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Sentensi zote mbili ni Kiswahili safi, kwa hiyo sarufi haikutusaidia chochote.

Ya pili ilikuwa tarehe ya kurudisha shamba, mwezi wa 3 au wa 8. Ungedhani anayeijua Dodoma angebahatisha. Lakini zabibu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa hiyo miezi yote miwili inaleta maana.

Ya tatu ndiyo iliyotufundisha zaidi. Malipo ya kwanza yalisomeka 3, kisha doa, kisha 0,000. Malipo ya pili yalikuwa wazi, 350,000, na jumla imeandikwa 700,000. Hesabu inakuambia moja kwa moja kwamba ya kwanza nayo ni 350,000. Tukauliza hata hivyo. Mwandishi akajibu kuwa ni 320,000 taslimu. 30,000 iliyobaki ilihesabiwa kwa salfa ya kupulizia ugonjwa wa ubwiri unga ambayo aliyekodi aliileta mwenyewe. Kwenye karatasi salfa haikutajwa popote. Tukachapa 320,000 kama alivyoandika, tukamweleza kwamba kama wanataka salfa iingie, pande zote mbili ziandike nyongeza na kusaini. Sisi hatuongezi neno.

Namna ya kuuliza nayo ina utaratibu wake. Tunakata kipande cha picha chenye neno lenye shaka pamoja na mstari wa juu na wa chini, tunakipa namba, halafu tunauliza: "Namba 3: tunaona 3, doa, 0,000. Hapo kwenye doa uliandika nini?" Hatuulizi "Ni 350,000, sivyo?" kwa sababu mtu aliye shambani na simu mkononi atajibu "ndiyo" ili amalize. Tena tunatuma swali moja, tunasubiri jibu, ndipo tunatuma jingine. Ukituma matano kwa pamoja unarudishiwa "sawa" moja, na hujui ni sawa ya lipi.

Tafadhali majibu yatoke kwa aliyeandika, si kwa aliyetuma picha. Mara nyingi ni watu wawili tofauti: mzee kaandika, kijana katuma, na kijana anasoma doa lile lile tunalolisoma sisi.

Unaweza kutupunguzia maswali. Usipanguse karatasi wala kuilowesha. Piga picha ya kwanza mchana, karatasi ikiwa imelala bapa, simu juu yake wima. Piga ya pili chumba kikiwa na giza kidogo, na tochi ya simu nyingine ikimulika kutoka pembeni, karibu usawa wa meza. Peni ya kawaida ya bolpeni huacha mfereji kwenye karatasi hata wino ukitoweka, na mwanga wa pembeni huuonyesha. Kwa peni ya jeli njia hii haifanyi kazi vizuri, kwani haikandamizi. Kisha usitume kama picha ya kawaida, maana WhatsApp huibana. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Document, tuma hivyo.

Rasimu tunayokurudishia huwa na rangi ya njano kila palipo na neno ambalo halijathibitishwa. Mwandishi asipokumbuka, au asipopatikana, hatujazi. Tunaandika [halisomeki] mahali pale, na ninyi mnaohusika mnakubaliana mbele ya mashahidi wenu kabla ya kusaini nakala iliyochapwa. Karatasi ya mkono msiitupe, hata kama imechakaa. Maswali hayana malipo; unalipia kurasa tu.