Menyu ya Kirusi huanzia jikoni: maswali tunayokuuliza kabla ya kutafsiri

Mteja akitutumia menyu na kutuomba tafsiri ya Kirusi, jibu letu la kwanza huwa ni maswali kwa mpishi. Baadhi ya wateja hushangaa, maana majina ya vyakula yapo na maelezo yapo, sasa mpishi wa nini? Sababu ni kwamba Kirusi kinadai kujua mambo ambayo menyu ya Kiswahili huyaacha yaeleweke yenyewe, na mengi kati ya hayo yanagusa afya ya mgeni.

Tuchukue samaki wa kukaanga. Neno la kawaida la Kirusi ni zharenaya (жареная), lakini linabeba mambo mengi: kikaango chenye mafuta kidogo, na hata nyama iliyopitishwa tu kwenye moto mkali. Samaki akizamishwa kwenye mafuta mengi, menyu ya Kirusi huandika во фритюре. Akichomwa juu ya makaa ni на углях, akiokwa kwenye oveni ni запечённая. Kama amepakwa unga au chenga za mkate kabla ya kukaangwa, huongezwa в панировке, na hapo ndipo tunaposimama, kwa sababu pakiwa na unga kwa kawaida pana ngano, na mara nyingi pana yai la kuushikisha. Mgeni mwenye mzio wa yai hawezi kuyajua hayo kwa kusoma "samaki wa kukaanga".

Kisha tunauliza mafuta. Kwa Kirusi siagi ni maslo (масло), na mafuta ya kula nayo ni maslo. Menyu ikisema mboga zimepikwa kwa maslo, mtu asiyeweza kula vitu vya maziwa hajaambiwa chochote. Lazima iandikwe сливочное масло kama ni siagi, au растительное масло kama ni mafuta ya mimea, au mafuta yatajwe kwa jina lake: alizeti, zeituni, ufuta. La ufuta ni muhimu zaidi, kwani ufuta nao huleta mzio. Shida hiyohiyo iko kwenye karanga. Арахисовое масло linaweza kusomwa kama mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye karanga, ilhali siagi ya karanga ya kwenye chupa Warusi wengi huiita арахисовая паста. Kwa hiyo tunaomba picha ya chupa yenyewe.

Karanga zenyewe hatuzifichi ndani ya neno orehi (орехи), ambalo ni la jamii ya korosho, lozi na wenzake. Kanuni ya lebo za vyakula inayotumika Urusi na nchi wenzake wa Umoja wa Forodha, ТР ТС 022/2011, inataja karanga peke yake na orehi peke yake. Mgeni wa Kirusi amezoea kuona arahis (арахис) imeandikwa waziwazi kwenye pakiti. Akikuta orehi tupu kwenye menyu yako, atabaki kukisia, na mhudumu asiyejua Kirusi hataweza kumsaidia. Panapokuwa na orehi, tunaandika ni zipi: кешью kwa korosho, миндаль kwa lozi.

Sasa tupitie mlo mmoja mwanzo hadi mwisho. Menyu inasema: "Kuku wa kuchoma, sosi ya karanga, na wali." Tunauliza, na mpishi anajibu kwamba ni paja, limechomwa kwa makaa. Sosi ni karanga za kusagwa, tui la nazi, sosi ya soya na pilipili kidogo. Tunaomba picha ya lebo ya sosi ya soya, nayo inaonyesha soya na ngano, kama ilivyo kwa nyingi zilizochachushwa kwa njia ya asili. Bila picha hiyo, ngano isingejulikana, kwa sababu mpishi mwenyewe hakutia unga wowote. Kirusi chake kinakuwa hivi:

Куриное бедро на углях под арахисовым соусом, 180/60/150 г
Соус из молотого арахиса, кокосового молока и соевого соуса. Подаётся с отварным рисом. Слегка острое.
Содержит арахис, сою, пшеницу (глютен).

Namba tatu ni uzito wa kuku, wa sosi na wa wali vikiwa tayari sahanini. Migahawa ya Urusi huandika uzito wa kila mlo, na mgeni huutafuta kwa macho kabla ya kuagiza, hivyo tunaomba jiko lipime sahani moja halisi. Tui la nazi limeandikwa кокосовое молоко, na neno la pili ni lilelile la maziwa. Lakini kwenye mstari wa mwisho, ule wa mzio, maziwa hayapo, kwa kuwa tui si zao la maziwa. Mstari huo ndio unaomtoa mgeni wasiwasi, na ndiyo maana hatukubali kuuondoa ili kupata nafasi ya picha.

Neno slegka ostroye (слегка острое) linasema kuna ukali kidogo wa pilipili. Mlo wenye viungo vya kunukia tu, kama mdalasini au iliki, ni пряное. Ukiita kila chenye viungo острое, wageni wengi watakipita chakula ambacho wangekifurahia.

Tafsiri ikishakamilika bado inaweza kuharibika mezani kwa mpangaji wa kurasa. Neno bez (без) lina maana ya "bila". Likibaki mwisho wa mstari, na арахиса ikaanza mstari unaofuata, mtu anayesoma haraka anaona karanga tu. Tunayafunga maneno hayo kwa nafasi isiyokatika (kwenye Word ni Ctrl+Shift+Space), na tunamwomba mpangaji asiiondoe. Pia sifa za Kirusi hufuata jinsi ya jina: samaki ni рыба жареная, kifaranga wa kuku ni цыплёнок жареный. Mtu akinakili neno kutoka mstari mmoja kwenda mwingine ili kuokoa muda, kosa linaonekana mara moja kwa kila Mrusi. Fonti nayo iangaliwe. Fonti nyingi za mapambo hazina herufi za Kirusi, na badala yake hutokea vijisanduku. Kwa hiyo tunasoma nakala ya mwisho kabla haijachapwa, bila malipo ya ziada.

Kuna jambo moja ambalo hatuliandiki hata tukiombwa: без глютена, yaani bila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, kwenye viazi vinavyokaangwa katika mafuta yaleyale ya samaki wa unga. Viazi vyenyewe havina ngano, lakini mafuta yanayo. Hapo tunaandika может содержать следы глютена, yaani huenda kuna mabaki ya gluteni. Kama unataka kuandika "bila", jiko litenge kikaango na mafuta yake.

Ukiwa tayari, tutumie menyu, aina ya mafuta kwa kila mlo, picha za lebo za sosi na mchanganyiko wowote wa viungo wa dukani, uzito wa sahani, na jina la mpishi wa kumpigia. Na siku jiko likibadilisha chapa ya sosi, tutumie picha ya lebo mpya kabla ya kuchapa tena. Mstari wa mzio tutausahihisha siku hiyohiyo.